Barua pepe kwa msanii wa sauti: kutambulisha skripti iliyorekebishwa na kuorodhesha matamshi yaliyobadilika

Skripti ikirekebishwa baada ya msanii wa sauti kuirekodi, mabadiliko huwa ya aina mbili. Kuna yale yanayoonekana kwenye ukurasa: sentensi imeondolewa, neno limebadilishwa, aya mpya imeingia. Na kuna yasiyoonekana kabisa. Neno limebaki vilevile herufi kwa herufi, ila sasa tunataka litamkwe vingine. Msanii akifungua faili jipya na kulilinganisha na la zamani, haya ya pili hatayaona hata akiwa makini kiasi gani. Ataingia studio, atasoma kwa ufasaha wote, na atatamka kama alivyotamka mwanzo. Ndiyo maana barua pepe inayosindikiza skripti mpya inabeba kazi ambayo skripti yenyewe haiwezi kuifanya.

Nitaueleza mwongozo huu kwa kazi moja: maelezo ya Kiswahili ya video fupi ya elimu kuhusu Bonde la Oldupai, kaskazini mwa Tanzania. Nimechagua Oldupai kwa sababu ina kila aina ya tatizo la matamshi: jina la mahali lililobadilika, majina ya kisayansi, jina la ukoo la Kiingereza, tarakimu kubwa, na neno la Kiswahili chetu wenyewe linalosomeka kwa namna mbili. Tuseme msanii amesharekodi toleo la pili, mtaalamu akaipitia kazi na kuleta masahihisho, na sasa una toleo la tatu mkononi.

Tengeneza orodha kabla ya kuandika barua

Anza kwa kulinganisha matoleo mawili kwa mashine. Kwenye Word utapata `Review`, kisha `Compare`. Kwenye Google Docs ni `Tools`, kisha `Compare documents`. Hapo utaona maneno yote yaliyoingia na yaliyotoka. Kati ya hayo, chukua yale tu ambayo msomaji mzuri wa Kiswahili anaweza kuyatamka tofauti na unavyotaka. Kama "wataalamu" imekuwa "watafiti", hilo si suala la matamshi. Litaonekana kwenye skripti na litasomwa sawasawa bila msaada wako.

Kisha fanya kitu ambacho mashine haiwezi. Weka masikioni rekodi ya toleo la pili, shika skripti ya toleo la tatu, na usikilize mwanzo hadi mwisho huku kidole kikifuata mistari. Kila unaposikia tamko lisilotakiwa tena, andika namba ya mstari na namna lilivyotamkwa kwenye rekodi. Usiandike unavyokumbuka, andika unachokisikia. Msanii ukimwambia "ulisema hivi", na yeye akienda kusikiliza akute hakusema hivyo, ataanza kuitilia shaka orodha nzima.

Kwenye kazi yetu ya Oldupai, ulinganishaji na usikilizaji huo unatoa mambo sita. Jina Olduvai limekuwa Oldupai kila mahali, kwa sababu lile la kwanza lilitokana na wageni kulisikia vibaya jina la Kimaasai. Zinjanthropus, jina la awali la fuvu la kale alilolipata mtaalamu wa malikale Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, lilisomwa kwa mkazo wa Kiswahili, na mtaalamu anataka usomaji wa kawaida wa jina hilo. Leakey lilisomwa kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Umri wa fuvu, miaka milioni 1.75, ulisomwa kwa "nukta", na sasa tunataka usomwe kwa laki. Sentensi mpya kuhusu nyayo za kale za eneo la Laetoli imeingia, na ndani yake kuna maneno mawili yenye kazi: Laetoli lenyewe, na neno "barabara" kwa maana ya sawasawa.

Hapo pana mtego wa kuangalia kabla hujaenda mbele. Ukibadilisha Olduvai kuwa Oldupai kwa amri ya kutafuta na kubadilisha, utajikuta unafikiria pia kugusa Oldowan, jina la zana za mawe za kale zilizopewa jina kutokana na bonde hilo. Usiliguse. Ni istilahi ya wanasayansi na imebaki ilivyo. Na kwa kuwa msanii naye anaweza kudhani limesahaulika, akalirekebisha kwa nia njema, litaje kwenye barua kwamba halijabadilika. Hilo ndilo neno pekee lisilobadilika linalostahili nafasi humo. Ngorongoro na Serengeti ziache. Anazitamka vizuri, na kumwandikia namna ya kuzisema ni kumkosea heshima.

Namba za mistari zisisogee

Usimwelekeze msanii kwa namba ya ukurasa. Faili likifunguliwa kwenye simu kurasa husogea, na wasanii wengi husomea kwenye simu au tableti ili wasisikike wakigeuza karatasi. Weka namba kwenye kila mstari wa skripti yenyewe, zikiwa zimechapwa ndani ya maandishi.

Toleo jipya likija na sentensi ya ziada, usihesabu upya. Sentensi ya Laetoli iliyoingia baada ya mstari wa 14 iwe 14A. Mstari ulioondolewa uache namba yake na maneno "umeondolewa". Kwa njia hiyo mstari wa 15 wa leo ndio uleule wa rekodi ya mwanzo, na yeye, wewe na mhariri wa sauti mnazungumzia kitu kimoja. Ukihesabu upya, vipande vitakavyorekodiwa vitaletwa na majina yasiyolingana na mradi ulioko kwenye kompyuta ya mhariri, na kuvipanga kutachukua muda mrefu kuliko kuvirekodi.

Kuandika sauti kwa herufi

Hapa ndipo barua nyingi huharibika. Alama za fonetiki za kimataifa ni sahihi kuliko chochote, lakini wasanii wengi wa sauti hawakuzisomea, na barua si mahali pa kuwafundisha. Andika tamko kwa herufi za Kiswahili, ligawe kwa vistari kwenye silabi, na silabi yenye mkazo iandike kwa herufi kubwa: ol-du-PA-i.

Angalia usichanganye tahajia mbili. Ukimwandikia msomaji wa Kiswahili "LEE-kee", umemwandikia kwa masikio ya Mwingereza. Macho yaliyozoea Kiswahili yatasoma "le-e ke-e", na utapata rekodi ya ajabu ambayo kosa lake ni lako. Andika LII-ki. Irabu ndefu irudie, irabu fupi iandike mara moja, na kila herufi ibaki na sauti yake ya kila siku.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na msanii hufanya hivyo bila kufikiri. Kwa hiyo, alama ya mkazo ina kazi hasa pale unapomtaka aiache kanuni hiyo. Oldupai na Laetoli zinaifuata; humo cha kuonyesha ni kwamba kila irabu isikike peke yake, la-e-TO-li, isiwe "lai-toli". Zinjanthropus haifuati. Ulimi wa Kiswahili utaenda zin-jan-THRO-pus, na sisi tunataka zin-JAN-thro-pus. Sema wazi kwamba mkazo umehama, maana herufi kubwa peke yake huweza kupita bila kuonekana na mtu anayesoma haraka.

Kwa konsonanti, mpe neno la Kiswahili lenye sauti hiyohiyo. "Th kama kwenye thelathini" inatosha kabisa na haiwezi kueleweka vibaya, ilhali "th laini" kila mtu ataielewa kivyake, na wengine wataisoma kama dh ya dhahabu.

"Barabara" inataka maelezo ya ziada kidogo. Mstari wa 3 unasema wageni hufika kwa barabara ya vumbi, na mstari wa 14A unasema nyayo zimehifadhika barabara. La kwanza ni ba-ra-BA-ra, la pili ni ba-RA-ba-ra. Msanii mzoefu angeligundua mwenyewe kutokana na sentensi, lakini akiwa ametoka kusoma la kwanza dakika mbili zilizopita, ulimi humvuta kule kule. Kwenye orodha taja mistari yote miwili, hata kama mmoja haukubadilika, kwa sababu tofauti ndiyo inayofundisha.

Tarakimu ziandike kwa maneno, kama zitakavyotamkwa. Milioni 1.75 inaweza kusomwa "milioni moja nukta saba tano" au "milioni moja na laki saba na nusu". Zote ni sahihi. Kwa sikio la msikilizaji wa Tanzania, anayehesabu kwa laki kila siku sokoni, napendelea ya pili: anaipata thamani yake palepale bila kusubiri. Inaongeza silabi mbili tu, kwa hiyo picha haihitaji kukatwa upya. Lakini angalia jambo hilo kila unapobadilisha namba, maana badiliko la usomaji wa tarakimu ndilo linaloweza kuurefusha mstari pasipo mtu kutarajia.

Sauti ya mfano

Herufi hazimalizi kila kitu, kwa hiyo ambatisha faili fupi la sauti. Anayesema awe ndiye mwenye haki ya kuliamua tamko: mzungumzaji wa Kimaasai kwa Oldupai na Laetoli, mtaalamu wa malikale kwa Zinjanthropus. Kila neno lisemwe mara mbili, kwanza polepole, kisha ndani ya sentensi yake. Neno likisemwa peke yake huwa na kiimbo cha kuorodhesha, na msanii mwenye sikio zuri atakiiga kiimbo hicho pamoja na tamko. Maneno yafuate mpangilio uleule wa orodha kwenye barua, na uandike sekunde ambapo kila moja linaanza.

Kabla ya kutuma, linganisha faili la sauti na orodha yako. Kama mzungumzaji wa Kimaasai ameunganisha irabu mbili za mwisho za Oldupai kuwa silabi moja, na wewe umeandika PA-i, msanii atabaki na maagizo mawili yanayopingana. Amua moja, na kama ni la mzungumzaji, badilisha maandishi yako. Pasiwe na barua inayosema "vyovyote kati ya hivi viwili". Atachagua kimoja kwenye mstari wa 1 na kingine kwenye mstari wa 22.

Barua yenyewe

Sasa andika, na uandike kifupi. Kichwa cha barua kitaje kazi, toleo, na kwamba kuna matamshi. Sentensi za mwanzo zijibu maswali matatu: faili lipi linachukua nafasi ya lipi, arekodi upya kiasi gani, na lini. Orodha ifuate ndani ya barua yenyewe, isiwe kwenye kiambatisho peke yake, kwa sababu atairudia akiwa amesimama mbele ya maikrofoni. Kila kipengele kiwe na mpangilio uleule: neno, namna ilivyokuwa, namna inavyotakiwa, na mistari.

Suala la malipo liseme bila kuzunguka. Masahihisho haya yametokana na upande wenu, hayakutokana na kosa lake, na ana haki ya kujua hilo kabla hajapanga muda wa studio. Nimeona wasanii wazuri wakichelewesha marekebisho kwa wiki nzima kwa sababu tu barua haikusema kama ni kazi ya kulipwa au la, nao waliona haya kuuliza.

Hii hapa barua ya kazi yetu ikiwa imekamilika:

> Kichwa: Oldupai, skripti toleo la 3: matamshi 6 yaliyobadilika, kurekodi kabla ya Alhamisi
>
> Habari za leo, dada,
>
> Asante kwa rekodi ya toleo la 2, imetulia na tunaendelea kuitumia. Nimeambatisha `Oldupai_skripti_v3.docx`, inayochukua nafasi ya v2. Huhitaji kurudia yote: ni mistari 1, 8, 9, 11, 14A na 22 tu, iliyowekewa rangi ya njano. Tunaomba tuipate kabla ya Alhamisi saa 10 alasiri. Mabadiliko yametoka kwetu, hivyo kurudia huku kutalipwa kwa kiwango cha masahihisho tulichokubaliana.
>
> Matamshi:
>
> 1. Olduvai sasa ni Oldupai: ol-du-PA-i. Mistari 1, 11, 22. (Sauti 0:00)
> 2. Zinjanthropus: ilikuwa zin-jan-THRO-pus, sasa zin-JAN-thro-pus. Mkazo umehamia JAN. Th kama kwenye "thelathini". Mstari 8. (0:12)
> 3. Leakey: ilikuwa le-a-KE-i, sasa LII-ki. Mistari 8, 9. (0:25)
> 4. Milioni 1.75: ilikuwa "nukta saba tano", sasa "milioni moja na laki saba na nusu". Mstari 9. (0:36)
> 5. Laetoli (jipya): la-e-TO-li, kila irabu isikike. Mstari 14A. (0:47)
> 6. barabara: mstari 14A ni ba-RA-ba-ra, yaani sawasawa. Ile ya mstari 3, ba-ra-BA-ra, inabaki kama ulivyoirekodi. (0:58)
>
> Oldowan (mstari 11) haijabadilika: OL-do-wan, kama ulivyosoma.
>
> Sauti za mfano ziko kwenye `Oldupai_matamshi_v3.mp3`. Tafadhali rekodi mstari mzima, si neno peke yake, pamoja na mstari unaoutangulia. Kabla ya kuingia studio, naomba unitumie WhatsApp ukiyasema maneno haya sita, nami nitakujibu siku hiyohiyo.
>
> Ahsante sana,
> (jina lako na namba ya simu)

Maneno ndani ya barua hii ni machache, lakini yapo mambo mawili ninayopenda yaeleweke. La kwanza ni ombi la kurekodi mstari mzima pamoja na ule unaoutangulia. Neno moja lililorekodiwa peke yake karibu kila mara husikika limebandikwa: kiimbo hakishuki pale kinapotakiwa, na pumzi haiko mahali pake. Akianza mstari mmoja nyuma, anaingia kwenye sentensi akiwa tayari na mwendo wake, na mhariri anapata nafasi ya kuchagua pa kukata. Kama rekodi ya kwanza ilifanyika wiki kadhaa zilizopita, mwombe pia asikilize dakika moja ya rekodi ile kabla ya kuanza, na akae umbali uleule kutoka kwenye maikrofoni. Sauti ya mtu ya asubuhi na ya jioni hazilingani, na umbali ukitofautiana kwa upana wa kiganja tu, msikilizaji atahisi chumba kimebadilika katikati ya aya.

La pili ni ule ujumbe wa WhatsApp. Maneno sita yanasemwa kwa nusu dakika, na hapo ndipo utakapojua kama barua yako imeeleweka. Yasikilize huku orodha ikiwa mbele yako. Ukisikia zin-JAN-thro-pus lakini th imekuwa t, mjibu kwa sauti yako, usimwandikie maelezo mapya. Akikosea neno moja, tatizo ni la neno hilo. Akikosea matatu au zaidi, basi huenda ameisoma barua lakini hajafungua faili la sauti, au faili halikufunguka kwenye simu yake. Muulize hilo kwanza kabla ya kuanza kumsahihisha.

Barua ikishatoka

Msanii akirudi na pendekezo lake, lisikilize kwa uzito. Wengi wamesoma majina haya kwenye kazi nyingine na wanajua namna redio na makumbusho zinavyoyatamka. Kama ana hoja, mpelekee aliyetoa masahihisho, pata uamuzi mmoja, kisha rekebisha.

Kurekebisha huko kuna utaratibu wake. Usimwandikie "isipokuwa namba 2, iwe vile ulivyosema" katikati ya mazungumzo ya WhatsApp, kwa sababu siku ya kurekodi atafungua barua, hatafungua mazungumzo. Jibu juu ya barua ileile, weka orodha yote sita upya ikiwa na badiliko ndani yake, na juu kabisa andika: "Tumia orodha hii, ile ya jana iache." Jina la faili la sauti nalo libadilike, liwe `Oldupai_matamshi_v3b.mp3`, ili asije akafungua lile la zamani lililokwisha kupakuliwa kwenye simu.

Vipande vikirudi, vihakiki kwa orodha hiyohiyo, ukitia alama neno kwa neno na mstari kwa mstari. Oldupai iko kwenye mistari mitatu, na kosa la kawaida kabisa ni kuikuta sahihi kwenye mstari wa 1 na wa 11, halafu kwenye mstari wa 22, pale msomaji alipochoka, Olduvai imerudi.